Ramani ya visiki vya mikoko Tudor: ifunguliwe kwa kila mtu?

Mratibu wa kikundi, Mikindani: Tumepiga picha 212 za visiki vya mikoko kandokando ya hori ya Tudor, na kwa programu ya ramani ya QGIS tumezigeuza kuwa tabaka la nukta, ukibonyeza nukta, picha yake inafunguka. Baadhi yetu wanataka ramani hii iwekwe mtandaoni wazi, wengine wanahofia usalama wa wapiga picha wetu na wa watu wanaoishi karibu na visiki. Tumekubaliana kupunguza latitudo na longitudo zibaki na tarakimu tatu za desimali. Je, hilo linatosha?

Mpimaji, Tudor: Halitoshi, na ninaomba ramani isifunguliwe kabla hamjaangalia mambo mawili. Tarakimu tatu za desimali huiweka nukta kwenye gridi ya takriban mita 110, na mtu akiitazama ramani kwa macho ataona kweli kwamba mahali pamefichwa. Lakini chombo cha QGIS kiitwacho `Import geotagged photos` hakichori nukta peke yake. Hujaza pia jedwali lenye safu za `photo`, `directory`, `latitude`, `longitude` na nyinginezo. Mkizisogeza nukta kwa `Snap points to grid`, safu hizo hazibadiliki hata kidogo, kwa hiyo yeyote atakayepakua tabaka atasoma humo kipimo kile kile cha awali. Safu ya `photo`, juu ya hayo, hubeba njia nzima ya faili katika kompyuta iliyofanya kazi, na mara nyingi njia hiyo ina jina la mwenye kompyuta.

La pili ndilo zito zaidi. Kiungo chenu kinafungua picha yenyewe, na lebo ya mahali, yaani latitudo na longitudo zilizoandikwa na simu ndani ya faili, bado imo ndani ya picha. Mtaficha nukta kwa mita mia moja, kisha mtamkabidhi msomaji faili inayomwambia mahali penyewe kwa mita chache.

Kijana wa kompyuta, Kisauni: Kwa heshima, naona hofu hiyo imezidi. Picha ikipitishwa WhatsApp hupoteza lebo ya mahali. Wazipitishe zote huko kwanza, na hatari itakuwa imekwisha.

Mpimaji, Tudor: Ndugu yangu, umepata nusu. Ikitumwa kama picha ya kawaida, lebo huondolewa kweli, na picha yenyewe hubanwa hata alama za panga kwenye kisiki zisionekane vizuri. Ikitumwa kama hati, faili hufika ilivyo pamoja na lebo yake, na katika kikundi cha watu wengi hamtajua nani alituma kwa njia ipi. Tena mkizitumia nakala hizo kutengenezea tabaka, hamtapata nukta, kwa sababu chombo kitaziweka kwenye orodha ya picha zisizo na mahali. Afadhali muwe na folda mbili: picha za asili zinabaki ndani, na nakala za kuonyeshwa zinasafishwa kwa amri moja ya exiftool, programu ya kusoma na kufuta lebo za picha:

```
exiftool -all= -tagsfromfile @ -orientation -o wazi/ picha/
```

Sehemu ya `-orientation` msiiache, kwani bila hiyo baadhi ya picha za simu zitaonekana zimelala ubavu. Baada ya hapo viungo vyote vielekezwe kwenye folda ya `wazi`, na mkumbuke kwamba safu ya `filename` haina `.jpg` mwishoni, hivyo lazima muiongeze wenyewe.

Mvuvi, Mtongwe: Mimi sina kompyuta, lakini suala la kupigwa picha bila ruhusa nalijua, na ndilo ninaloona linajadiliwa hapa. Mwaka jana vijana wa kikundi kimoja walipiga picha mashua yangu ikiwa imefungwa bandarini, mchana, watu wote wanaona. Baadaye nikaonyeshwa ramani, na nukta ya mashua yangu imeangukia katikati ya mikoko iliyokatwa. Tangu hapo ninaulizwa nilikuwa natafuta nini kule, na mimi sijawahi kubeba hata ufito mmoja. Basi mseme kwanza picha zipigwe kwa idhini.

Mwalimu mstaafu, Tononoka: Pole sana, Mzee. Swali la idhini ni la haki, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweza kuhusika mahali ambapo mtu anatambulika. Lakini unalolieleza ni kosa la aina nyingine: picha ni ya kweli, ila mahali palipoandikwa si pake. Mpimaji, hilo linatokeaje?

Mpimaji, Tudor: Mzee wangu ametuletea jambo ambalo nilipaswa kulitaja mwanzo. Kamera ya simu haingoji setilaiti. Ukiifungua ghafla, inaweza kuandika mahali pa mwisho ilipopajua, na mpiga picha aliyetoka kwenye mikoko akashuka bandarini ataibandika bandari lebo ya mikoko.

Kosa hili hugundulika kwa kulinganisha saa mbili zilizomo ndani ya faili:

```
exiftool -DateTimeOriginal -GPSTimeStamp picha/
```

Ya kwanza kwa kawaida ni saa ya simu, yaani saa zetu za Afrika Mashariki. Ya pili ni saa ya setilaiti, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3 kamili. Tuseme ya kwanza inasoma 09:14:20 na ya pili 06:02:51. Ukiongeza saa 3 kwenye ya pili unapata 09:02:51, maana yake mahali palipoandikwa pana umri wa dakika 11 na sekunde 29. Kwa mtu aliye kwenye mashua huo ni mwendo mrefu. Ila msiitupe picha kwa kuona pengo moja tu: ikiwa saa ya simu imekosewa, picha zote za siku hiyo zitakuwa na pengo lile lile, lakini pengo likibadilika kutoka picha hadi picha, basi mahali ndipo palipochelewa. Zipo pia simu zisizoandika saa ya setilaiti. Picha za simu hizo itabidi mpigaji mwenyewe azithibitishe.

Mkaazi, Jomvu: Haya yote nimeyaelewa, na bado napinga kuficha. Ukanda wa mikoko mahali pengine ni mwembamba kuliko hizo mita 110, kwa hiyo nukta itaangukia majini au juu ya nyumba ya mtu asiyehusika. Kisha tukienda kulalamika, ofisi itatujibu kwamba haikuonyeshwa kisiki chochote.

Mwalimu mstaafu, Tononoka: Nukta kamili wapewe Huduma ya Misitu ya Kenya kwa barua, na umma uone nukta za gridi.

Mkaazi, Jomvu: Barua, Mwalimu, huwekwa kwenye droo. Ramani iliyo wazi haina droo.

Mratibu wa kikundi, Mikindani: Nimeendesha amri ya saa usiku huu kwenye picha za siku ya kwanza, ambazo ni 58. Tisa zina pengo la zaidi ya dakika tano, na pengo lenyewe linabadilika. Saba kati ya hizo zilipigwa tulipokuwa tunashuka kwenye mashua. Nyingine moja, isiyo na kosa lolote la mahali, ilipigwa uani kwangu wakati wa kujaribu simu, nayo ilikuwa tayari imeingia katika tabaka na nukta yake iko juu ya paa langu. Nimeziondoa zote kumi. Kuhusu gridi au nukta kamili, hoja ya Jomvu sina jibu lake, na tutaipeleka kwenye kikao cha Jumamosi pamoja na ya Mwalimu. Mzee wa Mtongwe, ukiweza kufika, tafadhali njoo na nakala ya ile ramani, tuangalie saa za picha yako.