Zao la nusu na robo: neno libaki au libadilishwe?

Mkulima wa Uyole: Mwanangu yuko darasa la tano. Jana kaja na swali: "Tafuta zao la 1/2 na 1/4." Kaandika 3/4. Nilipomuuliza kwa nini kajumlisha, akasema zao lazima lizidi mbegu. Kwa nini wasiandike tu "zidisha"?

Mwalimu wa Mafinga: Ndugu, mtoto kafuata neno alivyolikuta nyumbani. Unapanda debe, unavuna magunia, na hayo magunia ndiyo zao. Kwenye hesabu neno hilo limebakiwa na kazi moja: jibu la kuzidisha, liwe kubwa, dogo au hata sifuri. Mpe karatasi aikunje iwe sehemu nne zilizo sawa, kisha apake rangi nusu ya robo moja. Muulize vipande kama hicho vingapi vinajaza karatasi nzima. Atahesabu vinane. Zao ni 1/8, dogo kuliko namba zote mbili alizopewa. Na hilo "zidisha" unalolitaka limetoka kwenye "zidi", kwa hiyo mtego ni uleule.

Mzazi wa Makambako: Mimi langu ni wastani. Ripoti ya binti yangu ilisema wastani 71, na chini mwalimu kaandika "mwanafunzi wa wastani". Darasani alikuwa wa pili! Nilikasirika wiki nzima.

Dereva wa Mwanjelwa: Wazazi mnalaumu maneno bure. Kuzidisha kunakuza, ni hizo sehemu tu zinazovuruga. Mengine majina yamekaa vizuri kabisa. Namba tasa, kwa mfano: 7 haizai kitu, ndiyo maana inaitwa tasa. Na 1 vilevile.

Mama wa Tukuyu: Limekaa vizuri kwa nani, kaka? Nilikaa miaka 9 kwenye ndoa kabla ya kupata mtoto. Nilikuwa nikifika bombani wanawake wananyamaza, na neno lenyewe nililisikia kwa mawifi zangu. Leo mwanangu huyohuyo ananiletea daftari limeandikwa "orodhesha namba tasa", ananiuliza, "Mama, tasa ni nini?" Nilimwambia akamuulize baba yake.

Dereva wa Mwanjelwa: Pole dada, sikumlenga mtu. Lakini tukianza kufuta kila neno lililomuumiza mtu, vitabu vitabaki na tarakimu tupu.

Mama wa Tukuyu: Sijasema mfute. Nimesema usiniambie limekaa vizuri.

Mwalimu wa Mafinga: Dereva, hata kwa hesabu hujapatia. 7 inazaa: 2 × 7 ni 14, 3 × 7 ni 21. Ilichokosa ni wazazi, maana hakuna namba nzima mbili zilizo ndogo kuliko yenyewe ambazo zao lake ni 7. Chukua 60. Ukianza na 6 × 10 na kuendelea kuvunja, unafika 2 × 3 × 2 × 5. Ukianza na 4 × 15, unafika 2 × 2 × 3 × 5. Ni zilezile, mpangilio tu ndio umebadilika. Hizo tasa ndizo mabibi na mababu wa namba nyingine zote kuanzia 2. Na 1 haimo. Ukiiingiza, 60 utaiandika 1 × 2 × 2 × 3 × 5, mwenzako ataongeza 1 nyingine, na orodha haitakuwa moja tena.

Mama, pole sana. Neno la bombani lilikuhukumu kabla ya wakati. La kwenye hesabu halina "bado": 7 ilivyo leo ndivyo itakavyokuwa.

Mama wa Tukuyu: Asante, Mwalimu. Sasa kama ndizo zilizozaa nyingine zote, kwa nini zisiitwe namba mama? Huyo aliyechagua tasa aliangalia nini?

Dereva wa Mwanjelwa: Aliangalia kwamba hazigawanyiki. Nadhani.

Mama wa Tukuyu: Mwanamke naye hagawanyiki.

Mkulima wa Uyole: Mwalimu, nimefanya ile ya karatasi. Kavihesabu vipande vinane, kafurahi. Nikampa 6 × 1/2 kwa alama, kaandika 3 bila kusita. Nikampa 1/2 × 1/3, kaandika 1/6. Baada ya chakula nikamwandikia hesabu ileile kwa maneno, "tafuta zao la 1/2 na 1/3", akarudi kuandika 5/6. Kuzidisha anajua. Ni lile neno linalompeleka shambani. Mtihani wa mwezi huu utakuja na neno, si na alama, na mimi bado sijaona kwa nini.