Mrejesho: bibi wa Igombe aliyepoa mwili
Niliuliza: "Bibi aliishiwa dawa za tezi ya shingo, thairoidi, sasa anakohoa, wa baridi, anasinzia tu. Tumkande maji moto?"

Wakuu, tulimkimbiza hospitali hapa Mwanza: joto 33, mapigo 44. Kumbe nimonia ndiyo iliyomwangusha, juu ya kukosa dawa.

Maji moto daktari alikataa kabisa: mishipa ya ngozi ingetanuka, presha ikaporomoka. Blanketi tu. Kwanza alichomwa haidrokotisoni, inayoshika nafasi ya homoni ya kotisoli, kwa sababu tezi za juu ya figo zikiwa dhaifu, homoni ya thairoidi humaliza haraka kotisoli iliyobaki. Ndipo levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi, kupitia mpira wa puani. Dozi ilipunguzwa makusudi. Moyo wa mzee ukisukumwa ghafla hupiga ovyo, hata kukosa damu. Antibayotiki zilienda sambamba.

Ameamka, anadai uji.