Mrejesho: wakili kagoma kubadili tarehe ya mkataba wa fremu

Niliuliza: "Mkataba wa fremu tulisaini Machi 10 ila niliingia Januari 1, wakili anakataa kuirudisha tarehe nyuma, nifanyeje?"

Wakuu mrejesho. Wakili kanielewesha kwamba pale chini kuna muhuri na saini yake kuwa tulisaini mbele yake Machi 10, sasa akiandika Januari anakuwa ameshuhudia kitu ambacho hakikutokea siku ile, hiyo ni kughushi hata kama mimi na mwenye nyumba tumekubaliana. Halafu ushuru wa stempu unatakiwa ndani ya siku 30 tangu kusaini, kwa hiyo ukirudisha Januari unajitengenezea ucheleweshaji mwenyewe, hapo ndo nikanyamaza.

Tumefanya nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja tu. Inataja mkataba wa Machi 10 na majina yetu, inasema "kifungu cha 2 kinabadilishwa, upangaji ulianza Januari 1 na kodi ya Januari na Februari imeshapokelewa", vifungu vingine vinabaki vilevile. Tarehe ya kusaini ni ya siku tuliyosaini kweli, na mashahidi wapya. Mwenye nyumba alinuna kidogo ila kasaini, nakala nimeibana pamoja na mkataba.