Matroni anawapa watoto wa nasari supu ya kamulali pua zikiziba, tumkataze?

MamaWatatu_Tororo
Wazazi wenzangu naomba maoni. Matroni wa nasari ya mwanangu, ana miaka 4, akiona mtoto ana mafua anampa supu ya kuku yenye pilipili ya kamulali eti inazibua pua. Wangu jana karudi analia, midomo myekundu, na pua imeziba vilevile. Mkutano wa wazazi ni Ijumaa. Tumkataze au mimi ndiye ninamdekeza mtoto?

Afande_Mstaafu
Unamdekeza mama. Sisi kambini ukishikwa na mafua mpishi anakupa mchuzi wa mbuzi una pilipili mpaka masikio yanawaka, muda si muda kila mtu anapenga na kesho yake uko paredi. Pilipili inaua vijidudu, na kuna mzungu alipewa Nobeli kwa ajili ya hiyo hiyo pilipili, sio zamani. Watoto wa siku hizi soda na keki, halafu kila wiki kliniki.

MuuzaMulokonyi_Jinja
Afande umenisemea. Mimi nauza supu ya mulokonyi karibu na steji, asubuhi za mvua wanakuja watu pua zimeziba hata akiagiza humsikii vizuri, anaomba kamulali ya kuongeza, bakuli halijafika katikati anapumua. Shule sikwenda mbali lakini macho ninayo. Hawa watu wa dawa wanataka tuache supu tununue matone yao ya puani.

Nesi_Malaba
Muuza supu mimi siuzi matone, na kwa taarifa yako mgonjwa akizidisha hayo matone ya kuzibua pua zaidi ya wiki hivi ninamgombeza, maana pua inazoea na akiacha inaziba kuliko mwanzo. Kwa hiyo usinitie kwenye biashara ya mtu.

Unachokiona kwa wateja ni kweli ila unakisoma vibaya. Pua ya mafua haizibwi na makamasi tu. Kule ndani kuna nyama laini zenye mishipa mingi ya damu, mtu akiugua zinajaa damu zinavimba, njia inakuwa nyembamba. Pilipili haigusi uvimbe huo. Inachofanya ni kuchoma neva za mdomo na koo, mwili unadhani umeungua, unamwaga maji: machozi, mate, na maji ya puani. Hayo maji yanalegeza makamasi mazito, ukipenga yanatoka, unajisikia nafuu. Nafuu ni ya kweli lakini ni fupi. Mteja wako akishafika kazini nyama zile ziko vilevile, umemwona tu hukumfuata.

Na Afande, huyo wa Nobeli ni David Julius, mwaka 2021, alipewa pamoja na mwenzake. Alichogundua ni kwamba pale neva inaposikia pilipili ndipo pale pale inaposikia moto, kuanzia nyuzi 43 hivi. Ndio maana kamulali "inaunguza" na hakuna kilichoungua. Hakusema inatibu mafua. Mafua ni virusi, pilipili uliyoila haiviui.

Afande_Mstaafu
Sawa dokta wa Malaba. Lakini paredi tulikuwa tunaenda.

Nesi_Malaba
Mlikwenda kwa sababu sajenti alikuwa mlangoni mzee wangu. Mafua yenyewe yanaisha kama wiki moja, wengine siku 10, umekula pilipili au hujala.

Jaba_Kikuubo
Mimi napinga kidogo. Ulaya madaktari wanapulizia pilipili ndani ya pua kabisa, nilisoma mahali. Sasa kama mzungu anaipuliza puani matroni akiitia kwenye supu imekuwa dhambi?

Nesi_Malaba
Hiyo ipo, umesoma nusu. Ni dawa inayotengenezwa kwa kiini cha pilipili, kipimo chake kinajulikana, wanapewa watu wazima ambao pua zao zinasumbua miezi na miezi bila mafua na bila aleji. Pua inatiwa ganzi kwanza, na anayeipuliza anajua anachofanya. Kazi yake ni kuchosha zile neva zikome kupiga kelele. Haihusiani na mafua ya mtoto, na asije mtu hapa akasaga kamulali akaweka kwenye sirinji, nimeshapokea mtoto wa namna hiyo usiku na sitaki mwingine.

MuuzaMulokonyi_Jinja
Mimi bado. Wewe unasema haifungui, mteja anasema imefunguka. Nani yuko ndani ya pua ile, wewe au yeye?

Nesi_Malaba
Swali zuri, jibu lake unaweza kulipata mwenyewe leo. Tafuta kioo kidogo au kijiko kipana cha steli, kiwe cha baridi. Funga mdomo, kishike chini ya pua, toa pumzi kwa pua mara moja. Utaona madoa mawili ya mvuke, moja kwa kila tundu. Upande ulioziba doa ni dogo au halipo. Kunywa supu yako, penga, ngoja kidogo, rudia. Kama kilichoziba kilikuwa makamasi doa litakua. Kama ni uvimbe utasikia pua nyepesi lakini doa ni lile lile. Hata vile vitu vyenye harufu ya minti viko hivyo, unasikia ubaridi unasema nimefunguka, hewa inayopita haijaongezeka.

Jaba_Kikuubo
Nimefanya sasa hivi kwenye duka. Kabla ya kula tundu la kushoto halikuwa na kitu, nimekula na pilipili, nikakaa na wateja mpaka mchana, doa la kushoto limekuwa kubwa kuliko la kulia. Nesi sema sasa.

Nesi_Malaba
Na la kulia limepungua, siyo? Pua zinapokezana zamu, hata mtu mzima hana ugonjwa, upande mmoja unavimba kidogo masaa machache halafu mwingine unashika. Ukiwa na mafua zamu hiyo unaisikia sana. Ndiyo nikasema ngoja kidogo, sikusema mpaka mchana.

AruaBinti
Mimi ninauliza la kwangu. Sina mafua, sina chochote, nikila pilipili tu pua inamwaga maji kama bomba mbele za watu. Hiyo ni aleji? Mama mkwe anasema nina ugonjwa.

Afande_Mstaafu
Binti wa Arua halafu pilipili inakushinda? Mimi nilifikiri nyinyi West Nile ndio wenyewe, kumbe mmekuwa kama Waganda na matoke yao yasiyo na hata pilipili manga.

AruaBinti
Mzee heshima yako lakini nani amesema imenishinda. Nakula kamulali mbichi na samaki na simalizi maji ya kikombe. Nimeuliza kuhusu pua, sikuuliza kuhusu kabila.

Jaba_Kikuubo
Na Waganda umewatoa wapi Afande? Uje Kikuubo nikupe kachumbari ya mama mmoja pale uone kama utamaliza sahani. Watu wa kambini mlizoea pilipili ya unga ya kwenye mkebe.

Afande_Mstaafu
Pilipili ya unga! Kijana sisi tulikuwa tunachuma pilipili kichaa porini na kofia.

MuuzaMulokonyi_Jinja
Pilipili kichaa ndiyo ninayotumia mimi, ya kukaanga na mafuta, kamulali ya mafuta inakaa mdomoni maji hayaitoi hata ukinywa jerikani.

Nesi_Malaba
Hapo umesema kweli tupu, ukali wa pilipili hauyeyuki kwa maji, unayeyuka kwa mafuta. Mdomo ukiwaka kunywa maziwa, siyo maji. AruaBinti, siyo aleji, ni neva zile zile, kuna watu zao zina haraka zaidi. Ukianza kuvimba midomo, kuwashwa mwili au kifua kubana, hilo ni jambo jingine.

Mwalimu_wa_Nasari
Nimesoma yote mmehamia kwenye kabila na mafuta. Mimi nafundisha nasari, si hiyo ya mama, nyingine. Mzazi anamleta mtoto saa moja asubuhi makamasi mpaka kidevuni, anamwacha getini anakimbia sokoni, simu imezimwa. Matroni haruhusiwi kumpa dawa. Ana jiko, ana kuku, ana kamulali. Mnataka afanye nini, aimbe? Kabla ya kumkataza mwambieni mbadala.

MamaWatatu_Tororo
Mwalimu mimi simwachi mtoto na makamasi mpaka kidevuni, na simu yangu haizimwi.

Mwalimu_wa_Nasari
Sijakutaja nyabo.

Nesi_Malaba
Mwalimu yuko sahihi, matroni naye apewe kitu. Supu ya kuku ya moto kiasi, bila kamulali, inatosha. Mwaka 1978 kule Amerika walipima kwa watu wazima 15 wasio wagonjwa jinsi makamasi yanavyosogea puani. Supu ya kuku ya moto iliyasukuma, maji ya moto pia, supu ikashinda kidogo, na baada ya nusu saa yote yalikuwa yamerudi kama kawaida. Kinachosaidia pale ni moto wa supu na mvuke wake. Kamulali kwa mtoto wa miaka 4 ni kilio tu, halafu anashika mdomo anashika jicho. Kama pua imekauka kabisa, maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe cha robo lita, chumvi nusu kijiko cha chai, matone mawili matatu kila tundu, halafu afutwe. Wasimwinamishe juu ya sufuria ya majani ya kalitunsi inayochemka kama watu walivyofanya wakati wa korona, maji yakimwagika ndiyo wodi ya kuungua. Na akiwa anahema haraka au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hapo hakuna supu, ni hospitali.

Mama Tororo, tangu asubuhi nataka kukuuliza, pua imeziba yote au upande mmoja?

MamaWatatu_Tororo
Kulia tu. Kushoto iko sawa. Na ukiniuliza hivyo, hiyo kulia inanuka, nilifikiri ni makamasi yamekaa, yanatoka ya njano na juzi yalikuwa na kama uzi wa damu.

Nesi_Malaba
Ana homa? Anakohoa?

MamaWatatu_Tororo
Hapana, anacheza.

Nesi_Malaba
Basi hayo si mafua mama. Mtoto wa umri huo, tundu moja, harufu mbaya, kwanza tunafikiria ameingiza kitu. Usichokonoe na kibiriti wala pamba, utakisukuma ndani. Usitie maji, kama ni mbegu inavimba zaidi. Mpeleke leo kliniki ya masikio, pua na koo. Na kama kuna kitu chochote nyumbani chenye betri ndogo ya duara kimepotea betri, usingoje hata foleni, sema mlangoni, ile inaunguza ndani kwa masaa.

Afande_Mstaafu
Mpeleke mama. Mambo ya kambi weka kando.

MamaWatatu_Tororo
Tumerudi. Harage. Limevimba limeanza kuchipua, ndugu zangu, mzizi mweupe kabisa. Daktari kwanza alitaka nimpulizie mtoto mdomoni huku amebana tundu la kushoto ili litoke lenyewe, likakataa kwa sababu limejaa, akalitoa na kijindoano kilichopinda. Nimemuuliza mtoto akasema ni la kuhesabia, darasani.

Mwalimu_wa_Nasari
Maharage ya kuhesabia kila nasari inayo nyabo, mzazi mwenyewe ndiye analeta kopo.

Jaba_Kikuubo
Basi wahesabu na vifuniko vya soda.

Nesi_Malaba
Vifuniko ni vikubwa haviingii puani, ila vina makali pembeni. Vijiti vya urefu wa kidole ni bora.

MuuzaMulokonyi_Jinja
Kwa hiyo matroni alikuwa anazibua harage kwa pilipili.

MamaWatatu_Tororo
Na Ijumaa nitamwambia mbele ya wote, kwa upole. Lakini kamulali kwa watoto bado naikataa, hata wa mafua ya kweli.

Afande_Mstaafu
Wa miaka 4 sawa. Wa P.4 apewe.