Mrejesho: ratiba ya vipindi inayojionyesha migongano

Niliuliza: "Nina jedwali la ratiba kwenye Excel. Nitajuaje mwalimu, chumba au darasa limepangwa mara mbili kipindi kimoja?"

Wakuu, imekubali. Kila kipindi kina mstari wake: A siku, B kipindi, C mwalimu, D chumba, E darasa. Aliyenishauri COUNTIFS alilenga, ila Fizikia ya 3A na 3B husomwa pamoja maabara, mwalimu mmoja, na fomula ikawa inapiga kelele bure. Nikaongeza safu F, namba ya somo. Mistari ya somo la pamoja inabeba namba moja, mingine yote kila mmoja na yake. Fomula ya mwalimu:

```
=COUNTIFS($A$2:$A$400,$A2,$B$2:$B$400,$B2,$C$2:$C$400,$C2,$F$2:$F$400,"<>"&$F2)>0
```

Ikitoa TRUE, pana mgongano. Kwa chumba badilisha C iwe D, kwa darasa iwe E.

Angalieni nafasi tupu baada ya jina: "Mushi" na "Mushi " ni watu wawili kwa Excel, mgongano unapita kimya. Majina nayachagua kwenye orodha ya Data Validation, hakuna kuandika kwa mkono. Kipindi pacha kiandikwe mistari miwili, la sivyo saa ya pili haikaguliwi.