Amelipa mara moja, amepata siku 60: taarifa za malipo zinachelewa na kujirudia

KijanaWaRuashi
Wakubwa, habari zenu. Nina programu ya mazoezi ya mitihani hapa Lubumbashi, dola 5 kwa siku 30, watu wanalipa kwa simu. Kampuni inayotupitishia malipo hutuma taarifa kwenye `/webhook` yetu, nasi tunaongeza siku. Juzi jioni umeme ulikatika, seva ikazima (iko ofisini, msinicheke). Iliporudi saa tatu na nusu usiku, taarifa zikamiminika. Mteja wa Katuba aliyelipa mara moja akapata siku 60. Mwingine alikosea namba ya siri, akajaribu tena akalipa vizuri, lakini taarifa ya kushindikana ikafika nyuma ya ile ya kufaulu na programu yangu ikamfungia. Alinipigia saa tano usiku, nadhani mtaa mzima ulimsikia.

Kahuzi77
Rahisi. Tunza namba ya kila taarifa. Ikija nyingine, angalia kama unayo. Kama unayo, itupe.

MamaSeva
Unakaribia, Kahuzi. Zikigonga mbili kwa pamoja, zote zinaangalia, zote hazikuti kitu, zote zinaongeza siku. Andika moja kwa moja, databesi yenyewe ikukatalie. Na shika namba ya muamala, maana taarifa ikirudiwa inaweza kuja na namba mpya.

```sql
-- UNIQUE (txn_id, hali)
INSERT INTO taarifa (txn_id, hali)
VALUES ($1, $2)
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

Ikiandika mistari 0, jibu `200` uishie hapo. Ila kuandika huku na kuongeza siku viwe kati ya `BEGIN` na `COMMIT` moja. La sivyo, umeme ukikatika katikati, utabaki na malipo yaliyoandikwa na mteja asiye na siku, na taarifa ikirudi utaitupa.

Kijana, kabla ya kujibu unafanya nini?

KijanaWaRuashi
Namtumia mteja risiti kwa imeli. Kama sekunde 15.

MamaSeva
Ndipo hapo. Kampuni ya malipo ilichoka kusubiri, ikadhani hujapata, ikatuma tena. Andika, jibu, risiti ifuate baadaye.

Yule aliyefungiwa ana miamala miwili. Mmoja kushindikana hakufuti siku zilizolipwa na mwingine. Tarehe ya mwisho ndiyo imfungie mtu. Taarifa ni kama hodi mlangoni: ikibisha, iulize kampuni hali ya `txn_id` hiyo, ndipo uamue.

BabaNeema
Hata mimi nilikatwa mara mbili dukani wiki jana. Inarudi baada ya siku ngapi?

Kahuzi77
Mzee, hapa hakuna aliyekatwa mara mbili, siku ndizo zimezidi. Wewe rudi dukani na meseji zote mbili.

MamaSeva, na taarifa isipofika kabisa?

MamaSeva
Kila dakika 15 mimi hupitia miamala tuliyoianzisha ambayo bado haina jibu, naulizia mmoja mmoja. Siku nazihesabu tangu mteja alipolipa.

Kahuzi77
Hapo sikubali. Mteja kakaa nje saa tatu nzima kwa kosa letu. Zianze alipofunguliwa.

KijanaWaRuashi
Nimetuma taarifa ileile mara tano kwa mpigo: mstari mmoja, siku 30. Yule wa Katuba sijamgusa. Nikimpunguzia sasa ataniona mwizi.