UpdraftPlus kwenda Google Drive, au bekapu ya hosti? Tovuti ya nyumba ya wageni, Paje

mwanapaje
Wakuu habari. Nasimamia tovuti ya nyumba ya wageni hapa Paje. Ni WordPress kwenye hosti ya pamoja, plagini kumi na kitu, mojawapo ya kubuku vyumba na wageni hulipia humohumo. Picha ndizo zimejaa: folda ya uploads ina GB 2.3, databesi MB 40 tu. Hosti wanataka niongeze hela kila mwezi wawe wananichukulia bekapu kila usiku. Jamaa yangu anasema niachane nao, niweke UpdraftPlus ya bure, ipeleke Google Drive. Nishike ipi? Na masasisho ya plagini niyaache yajiendeshe, au nifanye kwa mkono?

Kiboko255
Lipa hosti, ulale. UpdraftPlus yenyewe iliwahi kuwa na tundu Februari 2022: mtu yeyote mwenye akaunti kwenye tovuti, hata ya msomaji wa kawaida, angeweza kupakua bekapu. Na bekapu yako ina majina na simu za wageni. Plagini ya kukulinda ndiyo inakuuza!

fundi_minazini
Tundu lilikuwepo, Kiboko, ila malizia habari. Lilizibwa kwenye toleo 1.22.3, na WordPress.org wakalisukuma sasisho hilo kwa nguvu kwenye tovuti. Aliyeumia ni aliyebaki na toleo la zamani. Hiyo ni hoja ya kusasisha, si ya kukataa plagini.

Mwanapaje, njia hizi mbili haziharibikii mahali pamoja, angalia hapo kwanza. Bekapu ya hosti inachukua kila kitu, pamoja na `wp-config.php`, na kurudisha ni kubonyeza mara mbili tatu kwenye paneli. Lakini iko mikononi mwa haohao wenye seva. Akaunti ikifungwa kwa deni au mgogoro, tovuti na bekapu vyote viko nyuma ya mlango mmoja. Waulize kwa maandishi: nakala zinakaa seva ipi, zinadumu siku ngapi, na unaweza kuzipakua mwenyewe?

UpdraftPlus inatoa nakala nje ya hosti, hilo ndilo kubwa lake. Ila ile ya bure inachukua databesi na vilivyomo ndani ya `wp-content`. `wp-config.php` haimo, ipakue mwenyewe mara moja uiweke mahali salama. Tena, ufunguo wa kuingia Drive unakaa ndani ya tovuti. Mdukuzi akishakuwa msimamizi, anaweza kufuta nakala za Drive kupitia plagini hiyohiyo. Kwa hiyo kila mwezi pakua seti moja uiweke kwenye diski ya nje.

mwanapaje
Drive yangu ni ile ya bure ya GB 15. Itatosha?

fundi_minazini
Tupige hesabu. Picha za JPEG tayari zimebanwa, ukizifunga kwenye zip hazipungui cha maana. Bekapu moja ya mafaili ni kama GB 2.3. Ukichukua mafaili kila wiki na kutunza 4, ni GB 9.2. Databesi ichukue kila siku utunze 14; MB 40 mara 14 ni MB 560, na ikibanwa inakuwa chini ya hapo. Jumla haifiki GB 10. Lakini zile GB 15 zinagawanwa na Gmail na picha za simu yako, kwa hiyo fungua akaunti ya Google ya tovuti peke yake. Usichukue mafaili kila siku ukatunza 14 kama databesi, siku ya saba utakuwa umejaza.

ukhty_wa_mapishi
Samahani kuingilia. Mimi blogu yangu imekuwa nyeupe tupu baada ya kusasisha plagini, hata kuingia siwezi. Nirudishe bekapu ya hosti ya wiki iliyopita?

fundi_minazini
Subiri kwanza, dada. Angalia barua pepe ya msimamizi, pamoja na ya taka. Kuanzia toleo 5.2 WordPress inatuma kiungo maalumu cha kuingilia kosa la namna hiyo likitokea. Usipoiona, ingia kwenye paneli ya hosti, fungua `wp-content/plugins`, ubadilishe jina la folda ya plagini uliyosasisha. Itazimika yenyewe. Ukirudisha ya wiki iliyopita, posti na maoni ya wiki nzima yanapotea.

ukhty_wa_mapishi
Imerudi! Ilikuwa ya fomu. Allah akulipe.

Kiboko255
Sasa si ndiyo maana ya kuwasha masasisho yajiendeshe? Siku hizi sasisho likivunja, WordPress inarudisha toleo la zamani yenyewe. Washa zote.

fundi_minazini
Nusu ya maneno hayo ni kweli. Toka toleo 6.6 la 2024, sasisho la kujiendesha likisababisha kosa la PHP la kuangusha tovuti, plagini inarudishwa ilikotoka. Dada alisasisha kwa mkono, hilo halikumhusu. Na kosa lisiloangusha tovuti halionekani: kitufe cha kulipia kikiacha kufanya kazi, ukurasa unafunguka vizuri na WordPress inaona salama. Utajua wageni wakishaenda kubuku kwingine.

Ningekuwa wewe mwanapaje, ningewasha "Enable auto-updates" kwa plagini zote isipokuwa ya kubuku na ya malipo. Hizo sasisha kwa mkono asubuhi ya siku tulivu, chukua bekapu kwanza, kisha jaribu kubuku chumba mpaka mwisho. Likiharibika, rudisha sehemu ya "Plugins" pekee. Ukirudisha na databesi, buku zilizoingia tangu bekapu zinafutika na chumba kinauzwa mara mbili. Ila soma maelezo ya toleo: sasisho likibadilisha majedwali ya databesi, kurudisha mafaili peke yake kunaweza kukataa.

sauda_mtwapa
Hapo kwa kusasisha kwa mkono sikubaliani nawe, fundi. Tundu likitangazwa leo, wanaotafuta tovuti za kushambulia hawasubiri asubuhi yako tulivu. Wasimamizi wengi wakiambiwa kwa mkono wanakaa miezi. Heri kitufe kife siku moja kuliko wageni kuibiwa.

Pia hamjasema jambo la ratiba. Masasisho na UpdraftPlus vyote vinategemea saa ya WordPress, ambayo inaamka tu mtu akifungua tovuti. Msimu wa mvua Paje ikiwa kimya, bekapu ya saa nane usiku inaweza kuchukuliwa saa nne asubuhi. Weka hii kwenye `wp-config.php`:

```
define( 'DISABLE_WP_CRON', true );
```

Halafu kwenye sehemu ya cron ya paneli, ukiweka anwani yako:

```
*/15 * * * * wget -q -O /dev/null "https://example.com/wp-cron.php?doing_wp_cron"
```

Usiweke ya kwanza ukasahau ya pili, hapo hakuna kitakachojiendesha.

fundi_minazini
Kwa msimamizi anayekaa miezi, Sauda, uko sahihi. Kwa anayeingia kila wiki nabaki na langu.

mwanapaje
Nimeelewa. Naanza na UpdraftPlus, hosti nitawauliza yale matatu kabla ya kutoa hela. Nataka nijaribu kurudisha kwenye anwani ndogo nione kama bekapu inafanya kazi. Kuna hatari?

sauda_mtwapa
Ipo moja kubwa. Tengeneza databesi mpya kwa ajili ya jaribio. Ukinakili `wp-config.php` ya tovuti hai bila kubadilisha `DB_NAME`, utairudisha bekapu juu ya tovuti yenyewe. Na zima barua pepe kwenye nakala, isije ikawakumbusha wageni wa kweli.

Kiboko255
Wakikujibu hosti, tuletee majibu hapa. Wangu sijawahi kuwauliza nakala zinakaa wapi.